Ndege na Degedege: Tahadhari kwa Wanaokusanya Maneno

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa afya waliokuwa wakitayarisha kazi ya vyandarua vyenye dawa wilayani Bagamoyo walikutana na jambo ambalo halikuwamo katika mipango yao. Wenyeji hawakuwapinga. Walijua kwamba mbu huleta malaria, na walijua kwamba malaria ina dawa yake hospitalini. Lakini mtoto aliposhikwa na joto kali, akakakamaa, akageuza macho na kutupa mikono na miguu, mama yake hakusema kwamba mwanawe ana malaria. Alisema ana degedege. Na degedege ilikuwa habari nyingine kabisa: ina chanzo chake, ina mganga wake, na wengi waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Kwa macho ya daktari, wengi wa watoto hao walikuwa na malaria iliyopanda kichwani, na kila saa iliyopotea nje ya hospitali ilikuwa saa ya hatari.

Mtafiti Peter Winch na wenzake, wakiwamo wa Muhimbili, walichapisha matokeo ya uchunguzi huo mwaka 1996. Waliyoyaona yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kile ambacho wenyeji walikiita homa ya malaria kilikaribiana sana na malaria ya hospitali ile isiyo kali. Ila malaria ilipozidi na kuanza kuua, ilibadilishwa jina, na jina lilipobadilika, njia ya matibabu nayo ilibadilika. Mahubiri yote ya chandarua na mbu yalikwenda kwenye jina moja, na vifo vikabaki kwenye jina la pili.

Wauguzi wanakijua kisa hiki. Nakileta kwa watu wengine, yaani wale wanaokusanya maneno: walimu, wanafunzi wa isimu, mapadre na wazee wenye daftari, na yeyote anayetaka siku moja kutoa kamusi ya Kiluguru au kuongeza maneno ya Mgeta, Kinole na Matombo katika kamusi za Kiswahili. Kosa lililotokea Bagamoyo lilikuwa, kwa undani wake, kosa la kamusi. Watu walidhani wanajua mipaka ya neno kwa sababu wanajua mipaka ya kitu. Mimi na wewe tukipewa daftari na kalamu leo tunaweza kuliangukia kosa hilo kabla jua halijatua nyuma ya mlima.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka 1981, utaona kwamba baadhi ya vitomeo vina namba ndogo iliyopanda juu, na ndani ya kitomeo kimoja zimo namba za kawaida. Hizo namba mbili zinasema mambo mawili tofauti. Namba iliyopanda juu inasema: haya ni maneno mawili, yamekutana umbo tu. Hiyo ndiyo homonimia. Namba ya ndani inasema: hili ni neno moja, limepanuka maana. Hiyo ndiyo polisemia. Kila mtunga kamusi anapoweka namba moja badala ya nyingine anatoa hukumu, na msomaji huichukua hukumu hiyo kama ilivyo bila kuuliza ilitoka wapi.

Mara nyingine hukumu ni rahisi. Chukua kaa. Kuna kaa wa baharini, kuna kaa la moto, na kuna kitenzi kukaa. Mwenye mawazo mengi anaweza kuwatungia undugu: kaa la moto hukaa jikoni, kaa wa baharini hukaa shimoni. Tungo kama hiyo inapendeza, lakini haina ushahidi. Kwanza, sarufi inakataa. Tunasema kaa huyu na kaa hawa kwa yule wa baharini, kaa hili na makaa haya kwa yale ya jikoni. Pili, lugha ndugu zinakataa. Kiswahili kimeangusha sauti ya l katikati ya maneno mengi ya zamani, na ilipoanguka, maneno yaliyokuwa na irabu zilezile yakabaki pacha. Kichewa bado kinaita makaa makala, Kinyarwanda huyaita amakara, na kukaa kwa Kichewa ni kukhala, kwa Kisukuma kwikala. Kizulu kinamwita kaa wa baharini inkala. Kwa Kichewa, basi, makala na kukhala hata havisikiki sawa. Yaliyofanana ni maneno yetu sisi, kwa sababu ya sauti iliyopotea. Kwa hiyo vitomeo vitatu, namba tatu za juu, na hakuna wa kulalamika.

Taabu huanza pale ushahidi wa upande mmoja unaposema gawa na wa upande mwingine unaposema usigawe. Na neno linaloonyesha taabu hiyo vizuri kuliko mengi niyajuayo ni ndege.

Ndege wa kwanza ni yule mwenye mabawa, ambaye Milima ya Uluguru imejaliwa naye kwa wingi, wengine wakiwa hawaonekani popote pengine duniani. Huyu ana upatanisho wa viumbe: ndege huyu ameruka, ndege hawa wameruka. Ndege wa pili ni chombo cha abiria. Hapa twasema ndege hii imetua, ndege hizi zimetua. Ukifuata sarufi peke yake, lazima ugawe, kwa kuwa kitomeo kimoja hakiwezi kubeba ngeli mbili bila kuchafuka. Ukifuata historia, huwezi kugawa, kwa kuwa jina la chombo lilitoka kwa kiumbe mchana kweupe, na hata mtoto wa shule ya msingi akiulizwa kwa nini chombo kile kinaitwa ndege atakujibu bila kufikiri. Huo uwezo wa msemaji wa kawaida kuliona daraja kati ya maana mbili ndio uzito mkubwa katika mizani hii. Kwa maoni yangu ndege hawa wawili ni neno moja, na tofauti ya ngeli iandikwe ndani ya kitomeo, mbele ya kila maana. Najua wako wenzangu wanaogawa, na wana sababu nzuri ya kimatumizi: mwanafunzi anayetafuta upatanisho ataupata haraka zaidi. Hatutagombana kwa hilo. Anayegawa kwa sababu ya ngeli aseme tu kwamba amegawa kwa sababu ya ngeli.

Kisha kuna ndege wa tatu, ambaye vijana wengi hawamjui tena. Wazee wakisema fulani ana ndege njema au ndege mbaya, wanazungumzia fali, bahati au mkosi. Angalia lile neno njema. Tungekuwa tunamsifu kiumbe tungesema ndege mwema. Sarufi imeshasogea, maana imehama kutoka kwa kiumbe kwenda kwa ishara aliyoileta. Lakini daraja lipo: watu wengi wa pwani na bara walisoma safari na mambo yajayo kwa mlio wa ndege na upande aliotokea. Ukilijua hilo, fali ni maana ya ndani ya neno lilelile. Usipolijua, utaona maneno mawili yasiyohusiana na utaweka namba ya juu.

Sasa tunafika kwenye dege na degedege. Dege ni ndege aliyekuzwa, kama joka lilivyo kwa nyoka. Degedege ni umbo lilelile lililorudiwa. Na maradhi ya mtoto yakaitwa hivyo, pengine dege tu, kwa sababu watu waliamini kwamba kuna ndege, wengine wakisema ni nondo au shetani mwenye sura ya ndege, apitaye juu ya mtoto usiku au kumtupia kivuli, na mtoto hutetemeka kama bawa linalopigwa. Kwa wasemaji hao, basi, maradhi na kiumbe hawakutenganishwa hata kidogo. Jina lenyewe lilikuwa maelezo ya chanzo.

Hapa ndipo mtunga kamusi msomi hujikwaa, na hujikwaa kwa nia njema. Anajua kwamba mtoto hatetemeki kwa sababu ya ndege. Anajua habari za vimelea, za joto la mwili na za ubongo. Kwa hiyo anaona kwamba kuwaweka ndege na maradhi pamoja ni kuunga mkono ushirikina. Anaandika degedege kuwa kitomeo kinachojitegemea, bila kumtaja ndege popote, na anafasili: ugonjwa wa watoto wa kutetemeka. Kwa tabibu fasili hiyo inatosha. Kwa neno haitoshi, kwa sababu imefuta daraja ambalo wasemaji wenyewe hulipita kila siku. Muuguzi mgeni kutoka mkoa mwingine akiifungua kamusi hiyo hataona chochote cha kumwonya kwamba mama anaposema degedege, tayari ametaja chanzo, na chanzo hicho si mbu.

Ukweli wa kitu na ukweli wa neno ni mizani mbili. Daktari ana haki ya kusema kwamba malaria na degedege, mara nyingi, ni ugonjwa mmoja. Mtunga kamusi hana haki ya kuyaunganisha maneno hayo kwa sababu hiyo, wala ya kumtenga ndege na degedege kwa sababu daktari hamtambui ndege.

Kuna neno la pili katika kisa hiki, nalo linafundisha jambo ambalo hata wanafunzi wazuri hulisahau. Neno hilo ni homa. Mtu akiona kwamba homa yaweza kuwa malaria, mafua, taifodi au joto la kidonda, atavutwa kuandika maana nne. Asifanye haraka. Kuna jaribio dogo. Sema: mtoto ana homa, na mama yake pia anayo. Kama mtoto ana malaria na mama ana mafua, je, sentensi hiyo imeharibika? Haikuharibika hata kidogo. Hakuna msikilizaji atakayecheka. Sasa jaribu na kaa: nimenunua kaa, na mwenzangu pia, mmoja akiwa ametoka ferini na mwingine kwa muuza mkaa. Hapo watu watacheka, kwa sababu umefunga maneno mawili kwa kamba moja. Homa haichekeshi kwa kuwa si neno lenye maana nyingi. Lina maana moja pana, nayo ni mwili kupata joto la ugonjwa. Kuigawa ni kuandika orodha ya magonjwa badala ya fasili.

Hata hivyo jaribio hilo lina ukomo wake, na huo ukomo umejificha Bagamoyo. Pamoja na upana wake, homa ilitumika pia kwa maana nyembamba, ikisimama peke yake badala ya homa ya malaria. Mtu aliyesema ni homa tu alimaanisha ule ugonjwa uliozoeleka, wa kumeza dawa na kulala siku mbili tatu. Lile neno dogo tu ndilo linalobeba kila kitu. Neno likiwa na maana pana na maana nyembamba kwa pamoja, jaribio la kufunga kamba halitaonyesha kitu, kwa sababu maana pana huimeza ile nyembamba. Itabidi usikilize maneno yanayoandamana nalo: tu, ya kawaida, yenyewe, ile. Na itabidi uulize swali la kukana: yupo mtu anayechemka mwili lakini ukasema hana homa? Ukijibiwa yupo, umeipata maana ya pili, na hiyo inastahili namba ya ndani, si ya juu.

Nikizirudia dalili za onyo zilizopuuzwa Bagamoyo, naona hazikuwa za kufichika. Ya kwanza ilikuwa kwamba wenyeji walikuwa na majina mawili, nao hawakuyabadilishana. Hakuna mama aliyesema leo degedege na kesho homa ya malaria akimaanisha mtoto yuleyule kwa dalili zilezile. Maneno ambayo hayabadilishani si visawe, hata kama kitabu cha tiba kinayaweka ukurasa mmoja. Ya pili ilikuwa vitenzi. Homa humeziwa dawa. Degedege ilifukiziwa, ilifungiwa hirizi, ilipelekwa kwa fundi. Ukitaka kujua neno linaishi na nani, tazama vitenzi vyake kabla hujatazama fasili. Ya tatu, na hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, ilikuwa hofu ya sindano. Mama akikataa sindano kwa degedege na kuikubali kwa homa siku hiyohiyo, ametoa fasili mbili kwa kitendo. Aliyemwita mjinga alikuwa amepewa ushahidi mkononi akautupa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la pwani peke yake. Mkoa wetu wa Morogoro una mfano wake. Ifakara, katika bonde la Kilombero, kuna kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1957 kama maabara ya Waswisi, na malaria imechunguzwa hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha makala kuhusu utata wa malaria Ifakara. Walikuta kwamba neno la hospitali lenyewe lilikuwa limeshapata maana mpya mitaani. Watu walizungumzia malaria isiyo ya kweli, ambayo wachawi huiigiza, na pia wachawi wanaovificha vimelea ili darubini isivione. Mgonjwa akipimwa na kuambiwa hana kitu, jibu hilo halikuikanusha imani yake. Liliithibitisha. Mkusanya maneno aliyefika pale na kuandika kwamba malaria ni ugonjwa uletwao na mbu angekuwa ameandika maana moja ya kweli, na nyingine ingempita masikioni, kwa kuwa alidhani neno la kigeni na la kitaalamu haliwezi kuota matawi.

Milimani Uluguru hatari inaongezeka kwa sababu msemaji ana lugha mbili kinywani. Chukua tombo. Kwa Kiswahili tombo ni ndege mdogo wa porini, wa jamii ya kware. Kwa Kiluguru tombo ni titi, na eneo la Matombo limepata jina kutokana na umbo la mawe yake. Mgeni mwenye kamusi ya Kiswahili mfukoni angeweza kuandika kwamba Matombo ni mahali penye tombo wengi, akapata hata mzee mpole wa kumkubalia kwa adabu, kwa sababu wazee wengi hawapendi kumwaibisha mgeni, hasa kwa neno la mwili. Hapa hakuna daraja, hakuna historia moja, na lugha zenyewe ni mbili. Swali la kuuliza ni rahisi: je, kuna msemaji yeyote anayetumia maana hizi mbili katika lugha ileile? Kiluguru hakina hizo mbili. Basi hata homonimia ya kawaida haipo, na neno la Kiswahili halina nafasi katika kamusi ya Kiluguru isipokuwa wasemaji wamelikopa.

Ndugu mkusanyaji, nakusihi: unapopanda kwenda Bunduki au Tawa na daftari lako, usiulize neno fulani maana yake nini. Swali hilo hukuletea tafsiri moja ya Kiswahili, ile iliyo karibu. Uliza nani hupata, hupata wapi, humtibu nani, humpa nini, na jina lingine la hali hiyo ni lipi. Andika sentensi nzima kama ilivyosemwa, pamoja na upatanisho wake, maana upatanisho utakuambia mengi ambayo msemaji hakudhani amekuambia. Ukirudi nyumbani weka sentensi hizo mezani kabla ya kuweka namba yoyote. Na pale unapokuwa na shaka kati ya kugawa na kuunganisha, gawa kama huna budi, lakini weka kielekezi: tazama ndege. Kielekezi hakigharimu mstari mzima, nacho huliacha daraja likiwa wazi kwa atakayekuja baadaye na ushahidi bora.

Kwa degedege mimi ningeandika hivi: degedege, nomino, pia dege. Hali ya mtoto mdogo kukakamaa na kutetemeka ghafla, akageuza macho, mara nyingi akiwa na joto kali. Kwa imani ya watu wengi huletwa na ndege au shetani wa sura ya ndege (tazama ndege). Kwa tiba ya hospitali huweza kuwa dalili ya malaria kali au ya ugonjwa mwingine.

Lile neno huweza si la kuremba sentensi. Baada ya uchunguzi wa miaka ya 1990, mafunzo mengi ya afya yalianza kuwaambia wazazi kwamba degedege ni malaria kali, na kina mama wengi wa leo hulitumia neno hilo hivyo, wakamkimbiza mtoto zahanati badala ya kumfukiza. Hilo ni jema. Lakini mtoto huweza kutetemeka vilevile kwa homa ya uti wa mgongo, kwa joto kali la ugonjwa mwingine wowote, au kwa kifafa. Fasili inayosema degedege ni malaria, nukta, ingekuwa imerudia kosa lilelile kwa upande wa pili, na mzazi aliyeisoma angempa mtoto mwenye uti wa mgongo dawa ya malaria na kusubiri.